Kwa nini nywele hung'oka miezi mitatu baada ya kujifungua

AKINA mama wengi hushtuka wanapopata nywele tele kwenye kitana na mtoni mwa mto wa kulalia miezi mitatu au minne baada ya kujifungua. Aghalabu lawama humwendea msusi au mafuta mapya ya nywele, ilhali chanzo huwa kilipita kitambo.

Ili kuelewa jambo hilo, ni sharti kwanza kujua kwamba kila unywele una maisha yake. Hukua, hukoma kukua, hupumzika kisha hung'oka, na mwingine huchipuka mahali pale pale.

Hatua ya kwanza, ambayo wataalamu huiita anajeni, ni ya kukua. Huchukua kati ya miaka miwili na sita, na unywele hurefuka kwa takriban sentimita moja kila mwezi.

Ya pili ni katajeni. Katika muda wa wiki mbili au tatu, mzizi hunywea na kujitenga na mishipa ya damu iliyokuwa ikiulisha.

Hatua ya tatu, telojeni, ni ya mapumziko. Unywele hukaa kichwani kwa kiasi cha miezi mitatu bila kukua, ndipo hung'oka.

Nywele hazipitii hatua hizi kwa pamoja. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kwa kawaida tisa katika kila kumi huwa zinakua. Zile 10,000 hivi zilizo mapumzikoni hung'oka kidogo kidogo katika siku 100, yaani takriban 100 kwa siku. Hicho ni kiwango cha kawaida kisichostahili kumtia mtu hofu.

Wakati wa ujauzito, homoni ya estrojeni huongezeka na kuzizuia nywele nyingi zisiingie mapumzikoni. Ndiyo maana baadhi ya wajawazito huwa na nywele nyingi kuliko kawaida. Mama anapojifungua, homoni hiyo hushuka ghafla na nywele zilizocheleweshwa huingia mapumzikoni kwa pamoja.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua mwanzoni mwa Januari. Tuseme nywele zake 30,000 zinaingia mapumzikoni mwezi huo. Hatagundua lolote Februari wala Machi. Ifikapo Aprili, anaanza kupoteza nywele zipatazo 300 kwa siku.

Mwezi wa Mei ananunua mafuta ya bei ghali. Kufikia Julai nywele zimepungua kung'oka, naye anayasifu mafuta hayo. Ukweli ni kwamba zile zilizokuwa mapumzikoni zilikuwa zimekwisha. Mwishoni mwa mwaka, vinywele vifupi vya sentimita tano au sita huonekana kwenye paji la uso, ishara kwamba vipya vimeota.

Hesabu hiyo ndiyo inayoongoza matibabu. Daktari wa ngozi humwuliza mgonjwa yaliyompata miezi miwili au mitatu iliyopita: homa kali, upasuaji, kupungua uzani kwa haraka au kupoteza damu nyingi. Akigundua upungufu wa madini ya chuma na kuutibu, nafuu haitaonekana kichwani kabla ya miezi kadhaa.

Hali ni hiyo hiyo kwa minoksidili, dawa ya kupaka inayotumiwa kutibu upara wa kurithi. Dawa hii hufupisha mapumziko, hivyo unywele mpya huusukuma nje ule wa zamani. Katika wiki za kwanza nywele huweza kung'oka zaidi, na wengi huiacha wakidhani inawadhuru. Haifai kuamua iwapo imefaulu kabla ya miezi minne hadi sita. Mama anayenyonyesha amwone daktari kabla ya kuitumia.

Mtu anaweza kujichunguza kwa kutazama ncha ya unywele uliotoka. Ukiwa na kirungu kidogo cheupe, umemaliza mapumziko yake. Usipokuwa na kirungu umekatika, na kosa huenda likawa la dawa ya kulainisha nywele au joto kali.

Hata hivyo, si kila upotevu wa nywele husubiriwa. Mabaka yasiyo na nywele, magamba, maumivu au usaha ni dalili za ugonjwa. Nywele zikipungua pembeni mwa paji la uso kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa, mtindo huo uachwe mara moja. Ukiendelea kwa miaka, kovu huziba kifuko cha unywele, na hapo mzunguko huwa umekoma kabisa.

Kwa mama aliyejifungua, nywele zikiendelea kung'oka kwa wingi mtoto anapotimiza mwaka mmoja, huo ndio wakati wa kumwona daktari atafute sababu nyingine, ikiwemo kasoro ya tezi ya shingo.