Kunyoa Kondoo wa Sufu Molo

Molo, kwenye nyanda za juu za Kenya, baridi ya Julai ni kali, na kondoo aliyenyolewa karibuni anaweza kufa akinyeshewa usiku. Ni heri kunyoa Januari au Februari, kabla ya masika.

Usimlishe tangu jioni ya kuamkia siku ya kunyoa, kwani tumbo lililojaa hubana mapafu akikalishwa. Mkalishe kwa matako, mgongo ukiegemea magoti yako. Kwato zikikosa ardhi ya kujisukumia, hutulia mwenyewe. Kamwe usimvute kwa sufu: ngozi huvilia damu. Anza tumboni, ukiivuta ngozi inyooke mbele ya mkasi, maana mikunjo ndiyo hukatwa. Usirudie ulipokwisha kupita. Vipande vifupi huharibu uzi.

Sufu ikiwa na umande, ahirisha. Ikifungwa mbichi hupata joto, hugeuka manjano na kuoza. Ingiza mkono katikati ya gunia uhisi. Tenga ya tumboni na yenye kinyesi. Iliyobaki itie kwenye gunia safi la katani lisilochanika nyuzi. Nyuzi za gunia la plastiki zikichanganyika na sufu, kuzitoa ni kazi ngumu mno. Pandisha magunia juu ya mbao, mbali na sakafu.