Kabla Fundi Hajapiga Windo, Toa Mafaili Yako

Shangazi yangu ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa za wanachama, mikopo, faini na marejesho ya miaka minne, vyote alivitunza kwenye jedwali moja la Excel, ndani ya laptopu yake peke yake. Asubuhi moja, wiki ya kugawana ikiwa imekaribia, laptopu iliwaka, ikaonyesha nembo ya kampuni, kisha kioo kikageuka buluu na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Akaipeleka kwa fundi wa jirani. Fundi akaitazama dakika mbili, akasema: "Mama, hii tunapiga windo tu. Jioni njoo uichukue."

Shangazi akanipigia simu kuniuliza kama bei aliyotajiwa ni ya haki. Nikamwamkia, kisha nikamwambia: "Shangazi, mwombe asiiguse kabisa. Nakuja."

Sababu ni hii. Windows na mafaili yako hukaa kwenye diski moja, lakini si kitu kimoja. Likiharibika faili dogo la kuwashia, Windows hushindwa kuamka, ilhali jedwali la hesabu bado liko pale pale, kwenye folda inayoitwa Users. Ni mlango uliokwama. Vyombo vimo ndani. Kupiga windo, kwa namna mafundi wengi wanavyofanya, ni kufuta sehemu yote ya C na kuandika Windows mpya juu yake. Mambo uliyohifadhi kwenye Desktop na Documents kwa kawaida yako humohumo kwenye C. Katika diski ya kuzunguka, mafaili yaliyofutwa huweza kupatikana kwa sehemu, yasipoandikiwa juu. Katika SSD, Windows ikishafuta huiambia diski isafishe nafasi hiyo, na hapo matumaini huwa madogo sana.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: diski yenyewe ni nzima? Niliwasha laptopu huku nikibonyeza F2 niingie kwenye mipangilio ya msingi ya mashine. Jina la diski na ukubwa wake, GB 500, vilionekana. Nikaweka sikio karibu: ilikuwa ikizunguka kwa sauti laini. Lau ingekuwa inagonga tik-tik-tik, au jina lake lisionekane, ningezima palepale. Diski inayogonga huenda imeharibika kichwa cha kusomea, na kila dakika inayowaka inaweza kuchubua uso wenye mafaili. Hiyo hupelekwa kwa wataalamu wenye vifaa vya kuifungulia, haijaribiwi nyumbani.

Ya shangazi ilikuwa nzima, basi nikatumia njia ya flashi. Kwenye kompyuta nyingine nilipakua Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wenye ukubwa wa karibu GB 6. Flashi ya GB 8 ingetosha kwa shida. Nikachukua ya GB 16, nikijua kwamba kila kilichomo kingefutika. Kunakili faili hilo kwenye flashi kama wimbo hakusaidii. Lazima liandikwe na programu kama Rufus: unachagua flashi, unachagua faili la Ubuntu, unabonyeza START na kusubiri.

Nikaichomeka kwenye laptopu ya shangazi, nikawasha nikibonyeza F12 hadi ikatokea orodha ya kuchagua mahali pa kuwakia. Kwenye HP mara nyingi huwa F9. Kwenye mashine nyingine ni Esc. Nikachagua flashi. Ubuntu ilipouliza, nilichagua Try, yaani kujaribu. Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu chaguo la pili ni Install, nalo laweza kufuta diski yote. Kwa Try, mfumo wote huendeshwa kutoka kwenye flashi na kumbukumbu ya muda, wala diski haiandikwi chochote.

Nilipobofya diski ya shangazi, ilikataa kufunguka. Hilo huwatisha wengi, lakini chanzo chake ni cha kawaida: Windows 10 na 11 zikizimwa, mara nyingi hazizimiki kabisa, hulala nusu ili ziwake haraka kesho yake. Linux ikiona hali hiyo hukataa kuandika isije ikavuruga. Dawa ni kuifungua kwa kusoma tu. Amri ya kwanza huonyesha sehemu za diski, ya pili hufungua ile kubwa yenye maandishi ntfs:

```
lsblk -f
sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt
```

Kwa shangazi sehemu hiyo ilikuwa sda3. Kwako yaweza kuwa na jina lingine, kwa hiyo soma orodha kwanza. Nikaingia /mnt, kisha Users, kisha folda yenye jina lake. Jedwali lilikuwa kwenye Desktop, halifiki hata MB 2. Nikalinakili kwanza lenyewe kwenye diski ya nje, nikafuatisha barua na mihutasari ya vikao, na picha za familia zikawa za mwisho. Mpangilio huo ni wa makusudi: diski ikifa katikati ya kazi, iwe imeshatoa cha thamani zaidi.

Na kama laptopu haionyeshi hata mwanga, labda bodi imeungua au imemwagikiwa maji? Hapo flashi haina pa kuchomekwa. Unachomoa chaja na betri, unafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi, unatoa diski na kuiweka kwenye kasha la nje lenye waya wa USB. Kabla ya kununua kasha, itazame diski. Ile bapa ya inchi 2.5 hutumia kasha la SATA. Kijiti chembamba kama ubani wa kutafuna ni M.2, nacho kina aina mbili, SATA na NVMe, kwa hiyo soma kibandiko chake. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani huhitaji kasha lenye umeme wake. Laptopu nyingine ndogo za bei nafuu zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi, na hiyo haitoki.

Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine, Windows ikikwambia diski inahitaji kuformatiwa, bonyeza Cancel. Ikisema huna ruhusa ya kufungua folda, bonyeza Continue. Ikiomba ufunguo wa BitLocker, diski imefungwa kwa siri: unahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu. Bila ufunguo huo, si flashi wala kasha litakalokufungulia.

Nilipomaliza kunakili sikuamini macho ya Ubuntu peke yake. Nilihamishia diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, shangazi akalifungua jedwali mwenyewe na kulinganisha salio la mwezi uliopita na daftari lake. Lilipolingana, ndipo nikamrudishia fundi laptopu, akapiga windo, na kufikia jioni ilikuwa inawaka.

Basi nawe siku fundi atakapokwambia anapiga windo, usimuulize bei kwanza. Muulize mafaili yako ameyaweka wapi, na usimruhusu kuendelea mpaka uyafungue kwa mkono wako kwenye kompyuta nyingine.