Fizi Zisizotoa Damu

Mwenye fizi mbovu kwa kawaida hupata habari mapema: akipiga mswaki, hutema damu. Mvutaji sigara hunyimwa habari hiyo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kadiri miaka inavyopita mishipa yenyewe hupungua ndani ya fizi. Zinapauka, zinakakamaa, wala hazivimbi sana. Muulize, atakuambia meno yake ni mazima.

Tuseme ana miaka 48, pakiti moja kwa siku, na kilichomleta ni jino la mbele lililoanza kucheza. Daktari anapenyeza kati ya jino na fizi kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kwenye fizi nzima huzama milimita 1 hadi 3. Kwake kinazama 7, na damu ni tone tu. Eksirei inaonyesha mfupa umeliwa hadi nusu ya mzizi. Walioanza ugomvi ni bakteria, lakini moshi umezivuruga chembe nyeupe za damu zilizopaswa kuwazuia. Hata ugaga ukikwanguliwa, fizi zake hurudi kulishika jino kwa uhafifu kuliko za asiyevuta.

Jino likitoka, anataka la kupandikiza. Hilo husimama juu ya skrubu ya titani iliyozamishwa tayani. Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyegundua kwamba mfupa hugandamana na titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Kugandamana huchukua miezi kadhaa na huhitaji mishipa mipya ya damu, kitu kilekile ambacho nikotini hukizuia. Mwaka 1993 watafiti Bain na Moy walichapisha hesabu ya vipandikizi zaidi ya 2,000: kwa wasiovuta vilishindikana karibu 5 katika kila 100, kwa wavutaji 11. Skrubu za leo zina uso wa kukwaruza unaoshika vizuri zaidi, ila pengo hilo halijazibika.

Na mwenye ugoro? Hujitetea kwamba yeye hana moshi. Kweli, lakini ugoro hudhuru pale unapokaa. Anayeubana chini ya mdomo, fizi ya mahali hapo hushuka na mzizi kubaki wazi, huku meno ya jirani yakiwa salama. Magadi yanayochanganywa humo, kama chokaa kwenye tambuu, huharakisha nikotini kupenya. Ukiona hapo baka jeupe lisilofutika, lipelekwe likapimwe saratani.

Bain baadaye alipendekeza mvutaji aache wiki 1 kabla ya kupandikizwa na wiki 8 baadaye. Wanaoacha hukutana na jambo la kutisha: baada ya wiki chache fizi huanza kutoa damu. Wengine hudhani kuacha ndiko kumewaponza, wakawasha tena. Ikikutokea, usiwashe. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Damu ndiyo imerudi. Nenda ukasafishwe.