Nǐ hǎo, halafu nini?

Mswahili anayeanza Kichina huingia darasani na mazoea ya hujambo na sijambo. Akiamkiwa nǐ hǎo, ulimi unataka kugeuza nafsi ujibu wǒ hǎo, "mimi mzima". Sivyo. Nǐ hǎo hurudishwa kama ilivyokuja: nǐ hǎo kwa nǐ hǎo. Nafsi hugeuka pale tu mwenzako anapoongeza ma mwishoni, nǐ hǎo ma, kwa kuwa sasa amekuuliza hali. Hapo jibu ni wǒ hěn hǎo, kisha nawe unamuuliza: nǐ ne, yaani "na wewe je?"

Kosa linalowapata wengi hapa linatoka kwetu. Tunasema "mimi ni mzima", kwa hiyo mwanafunzi hutafuta mahali pa kuweka "ni", akapata shì, akasema wǒ shì hǎo. Shì huunganisha jina na jina: wǒ shì lǎoshī, mimi ni mwalimu. Mbele ya sifa kama hǎo huwekwa hěn. Kamusi hulifasiri "sana", lakini katika jibu hili halina uzito huo.

Kazi kubwa lakini ni toni. Nǐ na hǎo zote zimeandikwa kwa toni ya 3, ile inayoshuka hadi chini. Toni mbili za namna hiyo zikifuatana, ya kwanza hubadilika ikawa ya kupanda. Kitabu kinaandika nǐ hǎo, mdomo unasema ní hǎo, na asiyeambiwa hilo mapema hulisoma vibaya kwa muda mrefu. Anza hivi: tamka "ee?" kama mtu aliyeitwa bila kusikia vizuri. Sauti hiyo inayopanda ndiyo ya ní. Kisha ishushe hǎo, uiache huko huko chini. Katika wǒ hěn hǎo toni hizo ni 3 mfululizo. Ukianza, tamka wǒ kwa sauti ya chini, pandisha hén, halafu shusha hǎo. Jirekodi kwenye simu usikilize. Silabi zote zikitoka kwa sauti moja, rudia polepole.

Ma nayo ina mtego wake. Kwa Kiswahili "unakwenda" huwa swali kwa sauti tu, kwa hiyo mwanafunzi hulivuta ma na kulipandisha. Hakuna haja, kwani neno lenyewe ndilo linalouliza. Litamke fupi na jepesi.

Kwa mzee au mtu wa kuheshimiwa, sema nín hǎo badala ya nǐ hǎo. Na usishangae majirani wanaojuana wakiachana na nǐ hǎo ma kabisa. Penye saa za chakula utasikia chī le ma, "umekula?" Hujakaribishwa mezani; umesalimiwa. Jibu chī le, nimeshakula.