Uyoga Katika Chumba Kimoja: Kilimo cha Mjini kwa Asiye na Shamba

Familia nyingi katika parokia zetu za mjini huishi katika nyumba za kupanga, zenye ua mwembamba unaotumiwa na wapangaji wote. Wanaotafuta kipato cha nyongeza hutuuliza mara kwa mara ni kilimo gani kinachowezekana pasipo shamba. Bustani za magunia na mboga za kwenye makopo zinafahamika. Katika makala haya tumechagua kueleza jambo moja kwa kina, yaani ukuzaji wa uyoga aina ya mamama, kwa kuwa hauhitaji udongo wala jua. Tunachukua mfano wa familia inayoishi Dar es Salaam, yenye kibanda cha stoo na kilo 10 za mabua makavu ya mpunga.

Kwanza tuelewe uyoga ni kiumbe cha namna gani. Uyoga si mmea. Hauna majani mabichi ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, bali hula mabaki ya mimea kwa kutumia nyuzi nyeupe, nyembamba mno, zinazopenya ndani yake. Kile tunachokula ni tunda tu la nyuzi hizo. Lakini mabua yale yale hupendwa pia na kuvu wengine na bakteria, na hao hukua kwa kasi kuliko uyoga. Kwa hiyo kazi ya mkulima, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kuupa uyoga nafasi ya kutangulia.

Kuandaa mabua

Mabua hukatwakatwa vipande vya urefu wa vidole viwili hivi, kisha hulowekwa katika maji safi usiku kucha. Asubuhi huchujwa vizuri. Kilo 10 za mabua makavu zitakuwa zimefikia takriban kilo 30. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu maji yakizidi, hewa hukosa njia na mabua huchacha. Kipimo ni kiganja cha mkono: shika fungu la mabua, likamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, yanafaa. Maji yakitiririka, yaache yaendelee kuchuja.

Baada ya hapo mabua hupikwa kwa mvuke. Katika pipa huwekwa maji kidogo chini, juu yake kichanja cha miti, na juu ya kichanja gunia la mabua, kisha pipa hufunikwa. Tangu mvuke unapoanza kutoka kwa wingi, huhesabiwa saa mbili. Lengo ni kuwapunguza wale wapinzani tuliowataja. Kisha mabua huachwa yapoe kabisa yakiwa yamefunikwa, kwani mbegu ikiwekwa katika mabua ya moto hufa.

Kupanda na kusubiri

Mbegu ya uyoga ni punje za nafaka zilizozingirwa na nyuzi nyeupe. Hununuliwa kwa watu au taasisi zinazoizalisha, wala haiokotwi porini, kwa sababu baadhi ya uyoga wa porini huua. Mnunuzi wa ukanda wa pwani aeleze kwamba anahitaji mbegu inayostahimili joto, maana zipo aina zinazozaa vizuri katika ubaridi pekee. Mbegu nzuri ni nyeupe na ina harufu ya uyoga. Yenye madoa ya kijani au harufu kali irudishwe.

Kwa kilo 30 za mabua yaliyolowa, kilo 1 ya mbegu inatosha. Familia yetu itajaza mifuko 10 ya plastiki, kila mmoja kilo 3, ikipanga tabaka la mabua na kunyunyiza mbegu, hasa pembezoni, hadi mfuko ujae. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuanza. Mifuko hufungwa, hutobolewa matundu madogo pande zote, na kuwekwa mahali pa giza kwa wiki tatu hivi. Isirundikwe, kwa kuwa nyuzi zinapokula hutoa joto, na mifuko iliyobanana huungua kwa ndani.

Katika siku hizo mkulima asome rangi. Weupe unaosambaa ni dalili njema. Kijani ni kuvu mshindani: mfuko huo utolewe chumbani mapema bila kufunguliwa. Harufu ya kuchacha inaonyesha kwamba maji yalizidi. Mifuko mingi ikigeuka kijani kwa pamoja, kosa halikuwa la mfuko mmoja, bali ni la upishi wa mabua au la mbegu.

Kuzaa na kuvuna

Mifuko ikishakuwa myeupe kabisa, hukatwa matundu makubwa zaidi na kuhamishiwa penye mwanga hafifu, hewa inayopita na unyevunyevu mwingi. Stoo ya bati bila dari huwa tanuri mchana wa Dar es Salaam, hivyo juu ya bati ziwekwe makuti, sakafu imwagwe mchanga wenye maji, na magunia yaliyolowa yaning'inizwe ukutani. Maji hunyunyizwa kama ukungu mara mbili au tatu kwa siku. Uyoga wenye shina refu na kofia ndogo unalilia hewa. Ule uliokauka kingo unalilia unyevu.

Uyoga huvunwa kabla kingo za kofia hazijapinda kwenda juu, kwa kuzungusha kishada chote bila kuacha visiki vitakavyooza na kuvuta nzi. Baada ya siku kumi hivi mfuko huzaa tena, na kwa kawaida mizao mitatu ndiyo yenye faida. Kwa kilo 10 za mabua makavu, kazi ikienda vizuri, tutegemee jumla ya kilo 5 hadi 8 za uyoga mbichi.

Hapa tunatoa onyo zito. Uyoga uliokomaa hutoa vumbi laini la uzazi, ambalo likivutwa siku hadi siku huleta kikohozi, homa na kubanwa kifua. Mifuko isiwekwe kamwe katika chumba wanacholala watu, hata kama nafasi ni finyu. Mvunaji avae barakoa, na mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo.

Hesabu kabla ya mtaji

Tuseme, kwa mfano tu, mbegu, mifuko, mabua na mkaa vimegharimu shilingi 35,000, na kilo moja inauzwa shilingi 10,000. Kilo tatu na nusu za kwanza zinarudisha gharama. Faida huanzia hapo. Mifuko 10 hailipi ada ya shule, ila inapima mambo mawili: kama chumba kinafaa, na kama wanunuzi wapo. Uyoga mbichi katika joto la pwani hudumu siku moja tu, na katika jokofu siku chache. Wateja watafutwe kabla ya kupanda. Usiosalia kuuzwa ukaushwe juani siku hiyo hiyo, ukijua kwamba kilo 10 mbichi hubaki takriban kilo 1.

Tuwe waangalifu pia na muuza mbegu anayeahidi kununua mavuno yote kwa bei ya juu iwapo utanunua mifuko mia kwake. Asiyekuwa na mkataba wa maandishi aanze na mifuko 10. Nayo mabua yaliyokwisha kuzaa yasitupwe: yakioza miezi michache huwa mboji nzuri kwa gunia la mchicha hapo uani.