Mistari Miwili ya Wastani Inapokatana: Arifa Ipigwe Lini?

Wastani sogevu wa bei ni wastani wa bei za kufungia za vipindi kadhaa vilivyopita, unaohesabiwa upya kila kipindi kimoja kinapomalizika. Bei mpya inaingia, ile kongwe kuliko zote inatoka, na idadi ya bei inabaki ileile. Wastani wa vipindi vichache hufuata bei kwa karibu, ilhali wa vipindi vingi hujivuta nyuma. Zikichorwa pamoja kwenye chati, hupatikana mistari miwili, mmoja mwepesi na mwingine mzito. Mstari mwepesi ukitoka chini ya mzito na kuupita, wafanyabiashara wa masoko huchukulia kwamba bei imeanza kuelekea juu. Ukishuka na kuupita kwenda chini, huchukulia kinyume chake. Kwenye hisa, jozi inayotajwa sana ni ya siku 50 na siku 200.

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa shule ya msingi. Kazi iko katika kuandika programu itakayokaa macho usiku kucha na kupiga arifa mara moja tu, kwa jambo lililotokea kweli.

Malighafi ya hesabu hiyo ni mishumaa, yaani muhtasari wa bei wa kila kipindi: bei ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa, ya kufungia, na kiasi kilichouzwa. Masoko mengi ya mtandaoni huitoa kwa programu yoyote inayoiomba. Kwa soko la Binance, ombi la mishumaa 100 ya saa moja ya bei ya bitikoini huandikwa hivi:

```
GET https://api.binance.com/api/v3/klines?symbol=BTCUSDT&interval=1h&limit=100
```

Jibu huja kama orodha inayoanzia mshumaa wa zamani na kuishia mpya. Ndani ya kila mshumaa, kwa hesabu inayoanzia sifuri, nafasi ya 0 ni wakati wa kufunguka, ya 4 ni bei ya kufungia, na ya 6 ni wakati wa kufungika. Nyakati zimo kwa milisekunde na hufuata saa za UTC, kwa hiyo mshumaa wa siku nzima hufungika saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Bei huja ndani ya alama za nukuu, kama maandishi, na ni lazima zigeuzwe kuwa namba kabla ya kujumlishwa.

Mfano mdogo utaonyesha hesabu inavyokwenda. Ichukuliwe mali fulani yenye mishumaa ya saa moja, mstari mwepesi ukiwa wa mishumaa 3 na mzito wa mishumaa 5. Bei za kufungia, kwa mpangilio, ni 106, 105, 104, 102, 101 na 103. Mwisho wa mshumaa wa sita, wastani mwepesi ni jumla ya 102, 101 na 103 ikigawanywa kwa 3, yaani 102. Mzito ni jumla ya tano za mwisho, 515, ikigawanywa kwa 5, yaani 103. Mwepesi bado uko chini ya mzito kwa 1. Mshumaa wa saba ukifungwa kwa 106, mwepesi unafika 103.33 na mzito 103.20. Tofauti imetoka −1 na kuwa +0.13: mistari imekatana kuelekea juu.

Hapo ndipo programu nyingi hujikwaa, kwa sababu mshumaa wa mwisho katika jibu la seva kwa kawaida haujafungwa. Saa yake bado inakwenda, na kinachoonekana kwenye nafasi ya bei ya kufungia ni bei ya dakika ile tu. Tuseme katikati ya saa ya saba bei imeruka hadi 107. Programu inayouhesabu mshumaa huo itapata mwepesi 103.67 na mzito 103.40, na itapiga arifa. Dakika 20 baadaye bei inarudi, na mshumaa unafungwa kwa 104. Sasa mwepesi ni 102.67 na mzito 102.80. Mistari haikukatana. Anayefungua chati jioni kutafuta makutano aliyoarifiwa hatayaona popote, na mwandishi wa programu atahangaika kutafuta kosa kwenye kanuni ya wastani, mahali ambapo halipo.

Katika mfano huu mpaka ni 105 kamili. Mshumaa wa saba ukifungwa juu ya hapo, mistari inakatana. Ukifungwa chini, haikatani. Bei inayochezacheza kuzunguka 105 ndani ya saa moja inaweza kuwasha na kuzima ishara mara nyingi, na ni hali ya mwisho peke yake inayobaki kwenye kumbukumbu. Dawa ni kuutupa mshumaa ulio wazi kabla ya kuhesabu chochote:

```python
zilizofungwa = [m for m in mishumaa if m[6] < sasa_ms]
bei = [float(m[4]) for m in zilizofungwa]
fupi = sum(bei[-3:]) / 3
refu = sum(bei[-5:]) / 5
pengo = (fupi - refu) / refu * 100
```

Thamani ya `sasa_ms` ni afadhali ichukuliwe kwenye seva yenyewe, kupitia `/api/v3/time`, kuliko kwenye kompyuta ya nyumbani ambayo saa yake inaweza kuwa mbele kwa dakika nzima na kuukubali mshumaa ambao haujaisha. Idadi ya kuomba nayo hubadilika. Kwa mstari wa mishumaa 200 panahitajika angalau 202: mia mbili za hesabu, mmoja wa nyuma ili kujua mistari ilikaaje kabla, na mmoja wa kutupwa.

Hatua inayofuata ni kuamua nini hasa kiitwe kukatana. Kanuni inayoandikwa mara nyingi husema kwamba tofauti ya mshumaa uliopita iwe chini ya sifuri na ya sasa iwe juu ya sifuri. Inaonekana kamili, lakini ina tundu. Mshumaa wa saba ukifungwa kwa 105 barabara, mistari yote miwili inakuwa 103, na tofauti ni sifuri. Wa nane ukifungwa kwa 106, tofauti inakuwa +1.27. Kwenye mshumaa wa saba kanuni haikutimia, kwa kuwa sifuri haiko juu ya sifuri. Kwenye wa nane haikutimia pia, kwa kuwa iliyotangulia haikuwa chini ya sifuri. Mistari imekatana na programu imenyamaza. Kuruhusu sifuri upande wa nyuma kunaliziba tundu hilo na kufungua jingine: mistari iliyogusana kutoka juu kisha ikaachana bila kupitana itahesabiwa kuwa imekatana.

Njia iliyo imara zaidi ni programu kukumbuka hali, badala ya kulinganisha mishumaa miwili tu. Hali ni neno moja, «juu» au «chini», na hubadilika pale tu mstari mwepesi unapokuwa umevuka waziwazi upande wa pili. Uwazi huo hupimwa kwa asilimia ya mstari mzito. Ikichaguliwa nusu asilimia, kanuni inakuwa hivi:

```python
if pengo > 0.5:
    mpya = "juu"
elif pengo < -0.5:
    mpya = "chini"
else:
    mpya = hali
```

Arifa hupigwa ikiwa `mpya` inatofautiana na `hali`, basi. Sifuri haina nguvu tena, mguso haubadilishi kitu, na mistari inayosukana kwa saa nyingi bila kuachana haipigi kelele. Gharama yake ni kuchelewa. Katika mfano wa kwanza, mshumaa wa saba uliofungwa kwa 106 ulileta pengo la asilimia 0.13, ambalo halitoshi. Wa nane ukifungwa kwa 107, mwepesi ni 105.33, mzito 103.80, na pengo linafika karibu asilimia 1.5. Arifa inakuja saa moja baadaye, kwa bei iliyo juu kwa 1. Nusu asilimia si kipimo kitakatifu: mali inayotikisika sana huhitaji zaidi, iliyotulia huhitaji kidogo, na namna ya uaminifu ya kuchagua ni kuipitisha kanuni juu ya mishumaa ya miezi iliyopita na kuhesabu arifa ngapi zingefutwa na mwendo uliofuata.

Hali hiyo lazima ihifadhiwe kwenye faili, pamoja na wakati wa kufungika wa mshumaa wa mwisho ulioshughulikiwa. Programu inayoamka kila dakika 5 huukuta mshumaa uleule uliofungwa mara 12 ndani ya saa moja. Bila kumbukumbu, itatuma arifa ileile mara 12. Umeme ukikatika na programu ikawaka upya baada ya saa sita, isome mishumaa yote iliyofungwa katikati, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio, ili hali ifike mahali sahihi. Makutano yaliyotokea saa tano nyuma yaandikwe kwenye kumbukumbu bila kupigiwa simu ya mtu, maana bei aliyotakiwa kuifanyia kazi imeshapita. Siku ya kwanza kabisa, wakati hakuna hali iliyohifadhiwa, programu iweke hali na ikae kimya. Na faili liandikwe baada ya arifa kutumwa, si kabla: programu ikifa katikati ya hatua hizo mbili, kurudia arifa ni afadhali kuliko kuipoteza.

Kuna pia makutano ya uongo yanayotoka kwenye data yenyewe. Mshumaa mmoja ukikosekana, hesabu haitalalamika. Itachukua wa nyuma zaidi kujaza nafasi. Kwa mishumaa ya saa moja, nyakati mbili zinazofuatana za kufunguka lazima zitofautiane kwa milisekunde 3,600,000, na programu inayokuta tofauti nyingine isimame na kuomba upya. Kwenye hisa, hatari kubwa ni mgawanyo. Tarehe 31 Agosti 2020 hisa moja ya Apple iligawanywa kuwa nne, bei ikashuka hadi karibu robo bila mwekezaji yeyote kupoteza kitu. Mishumaa ambayo haikurekebishwa kwa mgawanyo huo huonyesha anguko, na mistari hukatana kwenda chini kwa kishindo.

Hata data ikiwa safi na kanuni ikiwa sawa, kipimo hiki huzungumza kwa kuchelewa. Katika mfano, bei iligusa 101 kwenye mshumaa wa tano, na arifa yenye kizingiti ikaja kwenye 107. Kufupisha mistari hupunguza uchelewaji huo na huongeza arifa za uongo. Kuirefusha hufanya kinyume. Soko likishika mwelekeo mmoja kwa wiki kadhaa, sita hizo zilizopotea ni bei ndogo ya kulipa. Soko likipanda na kushuka ndani ya uwanja mwembamba, kila arifa hufika wakati bei inakaribia kugeuka, na anayenunua na kuuza kwa kuzifuata hupoteza kidogo kila mara, pamoja na ada za soko. Kwa soko la namna hiyo kipimo hiki hakifai.