Posti ya kwanza ya duka: mwenye duka ni nani, na mzigo unaagizwaje

Duka jipya la mtandaoni likifunguliwa, mteja wa kwanza hana pa kushika. Hamjui mwenye duka, hajui mzigo unatoka wapi, na huenda ameshawahi kutuma pesa mahali, namba ikazimwa. Kabla hajauliza chochote anapekua ukurasa kutafuta dalili kwamba nyuma ya zile picha kuna mtu. Ndiyo maana posti ya utambulisho hubandikwa juu kabisa, isizame kadiri nyingine zinavyoongezwa. Instagram inaruhusu kubandika posti tatu, lakini kwa duka changa moja iliyoandikwa vizuri inatosha.

Tuchukue mfano wa dada anayeuza mashuka. Anaishi Mbagala, mzigo anaufuata Kariakoo, na wateja wake wengine wako Dodoma na Mwanza. Instagram huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, mengine hayaonekani mpaka msomaji abonyeze. Kwa hiyo salamu ndefu na sifa za duka zisitangulie. Aanze hivi:

“Karibu. Mimi ni (jina lake), nauza mashuka ya pamba, nipo Mbagala. Dar naleta mlangoni, mikoani natuma kwa basi.”

Hapo mteja ameshajua anaongea na nani, kinauzwa nini, na kama kinaweza kumfikia. Picha ya posti iwe ya dada mwenyewe ameshika seti ya mashuka, namba yake ya WhatsApp ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Namba iwekwe kwenye picha kwa sababu maneno ya Instagram hayabonyezeki: namba au kiungo kilichoandikwa chini ya picha hakimpeleki mtu popote. Bei, kwa upande wake, isiwekwe kwenye picha. Posti ikishatoka, maneno yanaweza kuhaririwa wakati wowote ila picha haibadilishwi, na bei za Kariakoo hazikai mahali pamoja.

Kuhusu bei nina msimamo. “Bei njoo inboksi” inamchosha mnunuzi kabla hajaanza, na wengi huhisi wanapimwa mfuko. Iandikwe waziwazi, na pembeni yake kiandikwe mteja anapata nini hasa. Kwenye mashuka ugomvi huanzia hapo. Mteja anaposema “sita kwa sita” anamaanisha kitanda chake, kwa futi. Muuzaji anaposema “saba kwa nane” anamaanisha shuka lenyewe, ambalo lazima lizidi godoro ili lichomekwe pande zote. Kila mmoja yuko sahihi, na mzigo unarudi. Dada yetu aandike hivi: “Seti moja ni shuka mbili na foronya mbili, Sh 45,000. Shuka ni futi 7 kwa 8, linatosha kitanda cha 5 kwa 6 na cha 6 kwa 6.”

Sasa kuagiza. Ukiandika “agiza WhatsApp” ukaishia hapo, yatakayofuata ni haya: mteja anasema “mambo”, unajibu “poa, karibu”, anauliza “yapo?”, unauliza yapi, anatuma picha, unauliza kitanda cha ngapi, ananyamaza hadi jioni. Ukija kujua anakaa wapi, wateja wawili wengine wameshakata tamaa. Dawa yake ni kumwambia mteja mapema atume nini, vyote kwa ujumbe mmoja:

“Nitumie picha ya shuka ulilopenda, ukubwa wa kitanda chako, idadi ya seti, mahali ulipo (mtaa na alama ya karibu, au mkoa), na namba ya simu ya atakayepokea.”

Mambo matano, hayazidi. Atakayepokea si lazima awe aliyeagiza. Wengi humwagizia mama nyumbani, na bodaboda akipiga simu ya aliyeko kazini, mzigo unazunguka mtaa mzima.

Kumfikisha mteja WhatsApp bila kumlazimisha kuhifadhi namba, kuna kiungo ambacho mtu hujitengenezea mwenyewe:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20naomba%20kuagiza%20shuka
```

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Sifuri ikibaki, kiungo hakifungui, na wengi hukwama hapo. Zile %20 ni nafasi kati ya neno na neno, na %2C ni mkato. Kiungo hiki kinakaa kwenye maelezo ya ukurasa, juu, mahali ambapo Instagram hukifanya kibonyezeke, na posti inamwambia mteja akakibonyeze huko. Kijaribu kwanza kwa simu ya mtu mwingine. Upande wa pili, WhatsApp Business ina salamu inayojituma yenyewe kwa anayekuandikia mara ya kwanza. Yale mambo matano yarudiwe humo, maana wapo watakaofika bila kusoma posti.

Sehemu ya malipo ndiyo inayojenga imani au kuiua. Iandikwe Lipa Namba, mtandao wake, na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka namba ya siri. Jina hilo lifanane na la kwenye utambulisho. Kama Lipa Namba imesajiliwa kwa jina la biashara au la mume, lisemwe waziwazi. Picha za mashuka mtu yeyote anaweza kuziiba akafungua ukurasa wa bandia, lakini jina la anayepokea pesa linamuumbua. Iongezwe na sentensi hii: “Sipokei malipo kwa namba nyingine yoyote, hata ukiambiwa namba imebadilika.” Watanzania tumeshazoea ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, na mteja atashukuru kuona umeliwaza. Kwa upande wake, dada asiachie mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa muamala, kwa kuwa hughushiwa. Aangalie salio lake.

Kwa wateja wa Dar, lipa ukipokea inawezekana, ila nauli ya bodaboda itangulie. Asiyetanguliza hiyo ndiye anayezima simu bodaboda akiwa ameshafika Tegeta. Wa mikoani hulipa kabla, na wao ndio wenye hofu kubwa zaidi, kwa hiyo posti iwaeleze kila hatua: mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, unaandikishwa ofisi ya basi, na siku hiyohiyo mteja anatumiwa picha ya risiti, jina la basi na namba ya ofisi atakakouchukulia. Nani analipa nauli ya mzigo iandikwe, hata kama ni elfu chache.

Kubadilisha mzigo kuwe na sharti fupi, kwa mfano siku mbili, shuka likiwa halijafuliwa na mfuko wake upo. Na ukitaka kuonyesha ushahidi wa wateja walioridhika, funika majina na namba zao. Ni taarifa zao binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda tangu 2022.

Baada ya wiki chache, soma upya mazungumzo ya WhatsApp. Swali lililoulizwa na watu kadhaa, kama shuka linachuja rangi au kama foronya zinauzwa peke yake, jibu lake liingizwe kwenye posti ileile ya juu, karibu na bei.